Asilimia ya Nini? Bei za Sokoni Kama Somo la Hisabati

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Hapa Kigoma habari ya mjini ikawa bei ya dagaa. Siku moja nikiwa kwenye daladala ya kwenda Ujiji, abiria mmoja akalalamika kwamba dagaa wamepanda kwa asilimia hamsini. Mwenzake akamtuliza: "Usijali, ndugu yangu. Ziwa likifunguliwa watashuka asilimia hamsini hizohizo, tutarudi palepale."

Hakuna aliyepinga. Kondakta alitikisa kichwa kukubali, na nadhani watu wengi wangekubali pia. Lakini hesabu ile haiendi. Bei ikipanda kwa asilimia hamsini kisha ikashuka kwa asilimia hamsini, hairudi ilikotoka. Inashuka chini zaidi ya pale ilipoanzia. Nafundisha Hisabati Kidato cha Kwanza na cha Pili, na kosa la yule abiria ndilo ninalolisahihisha kila mwaka kwenye madaftari, likiwa limevaa nguo tofauti. Wanafunzi wengi wanajua kuzidisha na kugawa vizuri tu. Kinachowashinda ni kujua asilimia waliyopewa ni ya kitu gani.

Tuanze na neno lenyewe, maana limebeba mia ndani yake. Asilimia ni hesabu ya "katika kila mia". Ukisema asilimia 20, umesema katika kila shilingi mia, ishirini. Kwa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hiyo inatosha kuanza kazi, kabla hata hajaandika kanuni yoyote. Bei ya shilingi 500 ina mia tano ndani yake, yaani mia mara tano. Kila mia itoe ishirini. Unapata shilingi 100. Bei ya shilingi 3,000 ina mia thelathini. Kila mia itoe ishirini, unapata 600. Nawaacha wafanye hivi kwa mdomo, wakihesabu mia kama wanavyohesabu sarafu, mpaka wenyewe waanze kuona kwamba kugawa kwa mia ni kuuliza "humu mna mia ngapi?" na kuzidisha kwa ishirini ni kuchukua ishirini kutoka kwa kila moja. Aliyeanzia na kanuni anaikumbuka kanuni, lakini akipewa namba mbili kwenye swali moja hajui aanze na ipi.

Jambo la pili la kukubaliana mapema ni kwamba asilimia peke yake siyo hela. Ni kama neno "nusu". Mtu akikuambia "nipe nusu", lazima umuulize nusu ya nini, kwa sababu nusu ya chungwa na nusu ya gunia la mahindi ni mizigo miwili tofauti. Vivyo hivyo, asilimia 10 ya dumu la mawese la lita 20 ni lita mbili, lakini asilimia 10 ya chupa ya lita moja ni vijiko vichache. Asilimia ni ileile, mafuta siyo yaleyale. Kitu kile kinachohesabiwa kuwa mia nzima nakiita msingi, na darasani kwangu hakuna ruhusa ya kutaja asilimia bila kutaja msingi wake. Mwanafunzi akisema "asilimia ishirini", darasa zima linamjibu, "Ya nini?" Wamelizoea mpaka wanalitumia kwenye mambo yao mengine.

Sasa mchoro. Nachora ubaoni mstatili mrefu na kuugawa vyumba kumi vilivyo sawa. Mstatili wote ni msingi, asilimia 100, kwa hiyo kila chumba ni asilimia 10. Bei ninazotumia nimezichagua ili zigawanyike vizuri, wala mtu asizichukue kama bei za soko za leo. Tuseme kitenge kimeandikwa shilingi 30,000, na muuzaji anatoa punguzo la asilimia 20. Shilingi 30,000 ikigawanywa katika vyumba kumi, kila chumba kinabeba 3,000. Namwita mwanafunzi mmoja afute vyumba viwili kwa mkono. Alivyovifuta vina 6,000, hilo ndilo punguzo. Vilivyobaki ni vinane, vina 24,000, hiyo ndiyo bei ya kulipa.

Kufuta kwa mkono kunaonekana kama mchezo, ila kunatibu kosa linalotokea kuliko yote: mwanafunzi anapata 6,000, anaweka mstari chini ya jibu, anaandika kwamba mteja atalipa shilingi 6,000. Hesabu yake ni sahihi, swali alilojibu siyo aliloulizwa. Mchoro unamwonyesha kwamba swali moja lina sehemu mbili, kilichofutwa na kilichobaki. Na hapa lugha yetu ina mtego unaostahili dakika tano za somo. "Bei imeshuka kwa asilimia 20" maana yake vimefutwa vyumba viwili. "Bei imeshuka hadi asilimia 20 ya bei ya zamani" maana yake vimebaki viwili. Kwenye kitenge chetu, ya kwanza ni 24,000 na ya pili ni 6,000. Neno "kwa" na neno "hadi" yametenganishwa na shilingi 18,000. Wanaotoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili wanakutana na mtego wa pili wakifika sekondari, kwa kuwa kwa Kiingereza "asilimia ya bei" na "punguzo la asilimia kwenye bei" hutofautiana kwa herufi moja tu, "of" na "off". Ndiyo maana nataka wazo likae kwanza kwa Kiswahili.

Turudi kwa abiria wetu na dagaa wake. Tuseme kilo ilikuwa shilingi 20,000. Vyumba kumi, kila kimoja 2,000. Bei inapanda kwa asilimia 50, yaani tunaongeza vyumba vitano vya 2,000 kila kimoja. Tuna 30,000. Mpaka hapa kila mtu yuko pamoja nami.

Ziwa limefunguliwa, bei inaanza kushuka. Nawauliza, inashuka kutoka wapi? Siyo kutoka 20,000, ile haipo tena sokoni. Inashuka kutoka 30,000. Kwa hiyo msingi umebadilika, na lazima nichore mstatili mpya. Shilingi 30,000 katika vyumba kumi ni 3,000 kwa kila chumba. Angalia kilichotokea: vyumba vimekuwa vikubwa. Tulipokuwa tunapanda, kila asilimia kumi ilikuwa 2,000. Tunaposhuka, kila asilimia kumi ni 3,000. Ukifuta vyumba vitano vya sasa umefuta 15,000, na kilo imebaki 15,000. Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye mama yake anauza dagaa, alinyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, kwa bei hiyo mama atakuwa amekula hasara hata kwa mzigo wa zamani." Alikuwa ameona jambo lenyewe kabla sijamaliza kuandika.

Basi bei ishuke kwa asilimia ngapi ili irudi kwenye 20,000? Inatakiwa kushuka 10,000 kutoka 30,000. Hiyo ni theluthi, asilimia 33 na kidogo. Kupanda kwa asilimia 50 kunafutwa na kushuka kwa asilimia 33 na kidogo. Hakuna uchawi hapo. Shilingi 10,000 ni zilezile, ila mara ya kwanza zilipimwa dhidi ya 20,000 na mara ya pili dhidi ya 30,000.

Hesabu ambayo naipa vipindi vingi zaidi ni ya kurudi nyuma. Mteja amenunua viatu kwa shilingi 24,000 baada ya punguzo la asilimia 20. Bei ya awali ilikuwa ngapi? Kila mwaka nalitoa swali hili, na kila mwaka nusu ya madaftari au zaidi yanarudi na jibu moja: asilimia 20 ya 24,000 ni 4,800, jumlisha, 28,800. Limeandikwa kwa mwandiko mzuri, kwa hatua zote, na si kweli. Simu nayo haiwasaidii. Kwenye simu nyingi ukiandika 24000+20% inakupa 28,800 hiyohiyo, kwa sababu imejibu ulichoandika.

Namna ya kumshawishi mwanafunzi siyo kumwekea alama ya kosa. Namwambia achukue jibu lake alipeleke dukani. Kama viatu viliandikwa 28,800, muuzaji akatoa punguzo la asilimia 20, punguzo ni 5,760 na mteja analipa 23,040. Lakini mteja wetu alilipa 24,000. Zimekosekana shilingi 960, na mwanafunzi mwenyewe anaona kuna kitu hakijakaa sawa. Baada ya hapo ndipo anataka kusikia.

Swali la kumuuliza ni lilelile: asilimia 20 ya nini? Muuzaji alipotoa punguzo, alikuwa anaangalia bei iliyoandikwa kwenye viatu, siyo hela ambayo mteja alikuwa bado hajalipa. Msingi ni bei ya awali, na bei ya awali ndiyo tusiyoijua. Kwa hiyo chora vyumba kumi bila kuandika bei. Futa viwili. Vimebaki vinane, na hivyo vinane ndivyo vilivyolipiwa 24,000. Gawanya 24,000 kwa vinane, kila chumba ni 3,000. Rudisha viwili vilivyofutwa: vyumba kumi ni 30,000. Peleka dukani ujaribu: asilimia 20 ya 30,000 ni 6,000, baki 24,000. Imekubali.

Nimegundua kwamba anayekosea hapa hukosea mahali pamoja tu, anaposoma namba ya pekee iliyopo kwenye swali na kuifanya msingi kwa kuwa ndiyo anayoiona. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote nawataka waandike mstari mmoja wa maneno: "Mia nzima ni bei ya ___." Nikisahihisha naanza kuusoma mstari huo. Ukiwa sahihi na jibu limekosewa, tatizo ni kugawa au kuzidisha, na hilo ni jepesi. Ukiwa umekosewa, hata jibu likitokea kuwa sahihi bado tuna kazi.

Risiti ni dada wa swali hilohilo. Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, na watu wengi huamini kwamba ukitaka kujua kodi iliyomo ndani ya bei uliyolipa unachukua asilimia 18 ya jumla. Tuseme feni imelipiwa shilingi 59,000, kodi ikiwa ndani. Asilimia 18 ya 59,000 ni 10,620. Lakini kodi ilihesabiwa kwenye bei kabla ya kodi, hiyo ndiyo mia nzima. Bei kabla ya kodi ni mia, kodi ni kumi na nane, jumla mteja amelipa sehemu 118. Vyumba kumi havitufai tena hapa, kwa kuwa 18 haikai kwenye makumi. Tunashuka kwenye vipande vya asilimia moja. Gawanya 59,000 kwa 118, kila kipande ni 500. Mia moja ya hivyo ni 50,000, kumi na nane ni 9,000. Ukilinganisha na risiti ya duka lililosajiliwa kwa VAT, utakuta kodi imetengwa kwa njia hii. Nawaomba wanafunzi walete risiti za nyumbani, nami nafunika mstari wa kodi kwa kidole na kuwataka waupate wenyewe kutoka kwenye jumla. Mara nyingine bidhaa moja kwenye risiti haitozwi kodi na hesabu inagoma. Hapo inabidi tutenganishe bidhaa kwanza, na si vibaya wakajua hilo wakiwa Kidato cha Pili.

Kuna kitu kimoja cha sokoni ambacho sikipati kwenye zoezi la kitabu, nacho ni nyongeza. Muuzaji wa migebuka hasemi "nakupunguzia asilimia kadhaa". Anasema, "Chukua mafungu matano, la sita nakuongeza." Wanafunzi wakiulizwa hilo ni punguzo la asilimia ngapi, wengi wanajibu ishirini, kwa kuwa moja katika matano ni asilimia 20. Tulilifanyia kazi kwa mawe madogo mezani. Tuseme fungu ni shilingi 2,000. Umelipa 10,000, umeondoka na mafungu sita, ambayo kwa bei ya kawaida yangekuwa 12,000. Ulichookoa ni 2,000 katika 12,000, moja katika sita, asilimia 16 na zaidi kidogo, karibu 17. Ile 20 nayo siyo ya uongo, ila inajibu swali jingine: mzigo umeongezeka kwa asilimia 20 ya ulioulipia. Ukipima kwa samaki unapata 20, ukipima kwa hela unapata karibu 17, na wote wawili wanaobishana wanaweza kuwa sahihi mpaka pale mmoja atakapotaja msingi wake.

Mengine mawili nitayapitia haraka. Duka likitangaza punguzo la asilimia 50, kisha asilimia 20 zaidi kwenye kilichobaki, hilo siyo asilimia 70. Kitenge cha 30,000 kinashuka hadi 15,000, halafu asilimia 20 inakatwa kwenye 15,000, siyo kwenye 30,000. Unalipa 12,000, na punguzo lote ni asilimia 60. Na wale wanaosema asilimia haiwezi kuzidi mia, wana haki kwenye punguzo tu, maana muuzaji hawezi kukata zaidi ya bei nzima. Kupanda hakuna dari. Nyanya zikitoka 1,000 hadi 3,000 kwa sado, zimepanda kwa asilimia 200, kwa sababu nyongeza ya 2,000 ni mara mbili ya msingi wa 1,000. Bei imekuwa mara tatu, lakini kupanda ni asilimia 200, na hapo hata watu wazima huteleza na kusema 300.

Kwa mwalimu anayetaka kuwapeleka wanafunzi sokoni badala ya kuwaletea soko ubaoni, nina machache niliyojifunza kwa kukosea. Mara ya kwanza niliwatuma kukusanya bei bila kuwaambia wauzaji, wakaenda makundi makundi kuuliza bei na kuomba wapunguziwe bila kununua chochote. Akina mama wakakasirika, na walikuwa na haki. Mteja wa kweli alipita pembeni akiona msongamano. Siku hizi naenda mwenyewe siku moja kabla, naomba ruhusa, na kila kundi linapewa muuzaji mmoja na muda ambao hauna wateja wengi. Lingine, punguzo la mapatano halifai kuwa mfano wa kwanza. Muuzaji anayeanza na 15,000 akijua atamaliza na 10,000 hajatoa punguzo la theluthi, ila alitaja bei aliyojua haitalipwa. Nawaambia wanafunzi waandike bei ambazo watu wamelipa, siyo zilizotajwa.

Zoezi linalofanya kazi vizuri ni la samaki wabichi, kwa kuwa bei yao hubadilika siku hiyohiyo. Kundi moja linaandika bei ya fungu la migebuka asubuhi mitumbwi inaposhusha pale Kibirizi, jingine linaandika jioni kwa muuzaji ambaye bado ana samaki na hana barafu. Kidato cha Kwanza mwaka jana walileta 5,000 ya asubuhi na 3,000 ya jioni. Kundi la asubuhi likaandika kwamba bei imeshuka kwa asilimia 40. Kundi la jioni likaandika kwamba bei ya asubuhi ilikuwa juu kwa asilimia 67 hivi. Walibishana kipindi kizima nani amekosea. Niliwaacha, mpaka kijana mmoja wa dawati la nyuma akaenda ubaoni, akachora mistatili miwili, mmoja wa 5,000 na mwingine wa 3,000, akaandika juu ya kila mmoja neno "mia nzima", kisha akarudi kukaa bila kusema kitu.